Kibodi na mausi kwenye runinga: dalili, sababu, na kwa nini paswadi inakataliwa

Wanaonipigia simu kuhusu kibodi ya runinga huanza na hadithi moja. Mtu amenunua kibodi isiyo na waya pale Luthuli Avenue, amefika nyumbani akaichomeka, na bado anaandika paswadi ya Wi-Fi kwa rimoti, herufi baada ya herufi, akihesabu mishale kushoto na kulia kama mchezaji wa bao anayehesabu kete. Kibodi imelala kando yake kwenye kochi.

Nimepanga dalili hizi kwa maneno ya wateja wenyewe. Chini ya kila moja nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi na jambo unaloweza kulikagua bila kufungua kitu. Dalili ya paswadi kukataliwa nimeipa nafasi kubwa, maana ndiyo inayowachosha watu zaidi na ndiyo ambayo karibu kila mtu huitafutia dawa pasipo ugonjwa.

## Kwanza, una kibodi ya aina gani?

Zipo za aina mbili, na maswali yote yanayofuata yanategemea jibu hili. Ya kwanza huja na kipokezi, kile kidude kidogo cha USB kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Unakichomeka kwenye runinga na kazi inaanza bila menyu yoyote. Ya pili ni ya Bluetooth. Hii haina cha kuchomeka, ila lazima uiunganishe kupitia `Settings` za runinga.

Kama umenunua ya kipokezi na hukioni kwenye boksi, usirudi dukani kugombana na mtu. Fungua mfuniko wa betri. Mara nyingi kimefichwa humo, kando ya betri au ndani ya tumbo la mausi. Nimewahi kumtolea jamaa mmoja kipokezi ndani ya mausi ambayo alikuwa ameshaitangaza mbovu kwa wiki mbili.

## "Nimechomeka kipokezi, hakuna kinachotokea"

Sababu ninayoikuta kuliko zote ni kuchomeka mahali pasipo. Nyumba nyingi zina runinga, na nyuma yake kuna kisanduku cha Android au kijiti kilichochomekwa kwenye HDMI. Netflix na YouTube unazoziona zinatoka kwenye kile kisanduku, na runinga kazi yake ni kuonyesha picha tu. Ukichomeka kipokezi kwenye USB ya runinga, umempa barua jirani asiyehusika. Kichomeke kwenye kisanduku. Namna ya kujua ni rahisi: bonyeza kitufe cha kubadilisha chanzo cha picha kwenye rimoti. Kama mahali ulipo panaitwa `HDMI 1` au `HDMI 2`, basi mwenye kazi ni kifaa kilicho kwenye HDMI hiyo.

Ya pili ni umeme wa kibodi yenyewe. Tafuta swichi ndogo chini yake au ubavuni. Kisha betri: usiziamini kwa sababu tu zimetoka kwenye paketi mpya, maana betri za bei ya chini huweza kukaa rafuni mpaka zikachoka. Chukua betri za rimoti inayofanya kazi vizuri, ziweke, ujaribu. Ukitumia betri za kuchaji za AA au AAA, kumbuka hizo hutoa volti 1.2, wakati za kawaida hutoa 1.5, kwa hiyo taa ya kuonya inaweza kuwaka mapema ingawa kibodi bado inafanya kazi.

Ya tatu, kipokezi si chake. Kwa kibodi nyingi za kawaida, kipokezi na kibodi vilifunganishwa kiwandani, na kipokezi cha mausi ya ofisini hakitaisikia kibodi ya nyumbani hata vikiwa vya rangi moja na jina moja. Kuna isipokuwa. Baadhi ya vifaa vya Logitech vina kipokezi chenye alama ya nyota ya rangi ya machungwa, kiitwacho Unifying, ambacho kinaweza kushika hadi vifaa 6. Lakini kuongeza kifaa kipya kwenye kipokezi hicho kunafanywa kwa kompyuta yenye programu yao. Runinga haiwezi. Na kipokezi kipya zaidi cha kampuni hiyo, Logi Bolt, hakielewani na Unifying. Ukipoteza kipokezi cha kibodi ya kawaida, kwa maneno mafupi, kibodi imebaki pambo.

Ya nne ni runinga yenyewe. Nairobi bado kuna runinga nyingi ambazo watu huziita za kidijitali kwa sababu zina dekoda ndani. Kidijitali si janja. Kama menyu ya runinga yako haina mahali popote pa Wi-Fi, ile USB yake iliwekwa kwa ajili ya kuchezea video na picha kutoka kwenye flashi, au kwa ajili ya fundi kuweka programu, na kibodi haitatambuliwa daima dumu. Kinachofaa ni kuongeza kisanduku cha Android kwenye HDMI, kisha kipokezi ukichomeke hapo.

Kabla ya kuilaumu tundu la USB, chomeka flashi yenye picha. Ikisomeka, tundu ni zima. Na kabla ya kuilaumu kibodi, chomeka kipokezi kwenye laptopu. Majaribio hayo mawili hayamalizi dakika tatu na yanakuambia upande gani una shida.

## "Runinga haioni kibodi yangu ya Bluetooth"

Hapa mshukiwa wa kwanza ni laptopu. Kibodi iliyowahi kuunganishwa na laptopu au simu humkimbilia mwenzake wa zamani kila ikiwashwa, na ikishampata, runinga haiwezi kuiona kabisa. Zima Bluetooth ya laptopu na ya simu zote zilizowahi kuitumia, kisha ujaribu tena. Kibodi nyingi za siku hizi zina nafasi tatu za kukumbuka vifaa, kwenye vitufe vyenye alama 1, 2 na 3 ambavyo mara nyingi hubonyezwa pamoja na `Fn`. Ipe runinga nafasi yake mwenyewe, tuseme ya 3, na utakuwa unahama kati ya laptopu na runinga kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Pili, kuwasha kibodi na kuifungua kwa kuunganishwa ni mambo mawili tofauti. Lazima ushikilie kitufe cha Bluetooth au kile cha nafasi kwa sekunde kadhaa mpaka taa iwake na kuzima harakaharaka. Hali hiyo hudumu dakika chache tu. Kwa hiyo fungua menyu ya runinga kwanza, halafu ndipo ushikilie kitufe, si kinyume.

Kwenye runinga zenye Google TV au Android TV, nenda `Settings`, kisha `Remotes & Accessories`, halafu uchague kuongeza kifaa, `Pair accessory` au `Add accessory` kulingana na toleo. Kwenye Samsung, tafuta `External Device Manager`, na ndani yake `Input Device Manager`. Usitafute kibodi kwenye orodha ya spika, haitatokea huko.

Hapo ndipo sababu ya tatu inapojitokeza. Kuna runinga ambazo Bluetooth yake inajua sauti peke yake. Zitaunganisha spika na vipaza sauti vya masikioni bila tatizo, lakini kibodi hazijui ni mnyama gani. Kama menyu yako ina orodha ya vifaa vya sauti tu na hakuna mahali pengine popote pa kuongeza kifaa, usipoteze jioni yako. Tafuta kibodi ya kipokezi.

Kisa kimoja cha ziada. Runinga ikiiona kibodi halafu ikaonyesha namba kwenye kioo, kawaida tarakimu sita, namba hiyo hauisomi tu na kusubiri. Unaiandika kwenye kibodi unayoiunganisha, ukitumia safu ya namba ya juu, kisha unabonyeza `Enter`. Hakuna kitakachoonekana kwenye kioo unapoandika, na watu wengi huacha katikati wakidhani kibodi imekufa. Andika mpaka mwisho, bonyeza `Enter`, subiri.

## "Paswadi ni sahihi lakini inakataliwa"

Mama mmoja wa mtaa wa Umoja alinipigia jioni, sauti imeshachoka.

"Fundi, runinga imekataa paswadi mara nne. Naangalia karatasi, naandika vilevile."

"Mama, usijaribu mara ya tano. Nisubiri, niko karibu."

Paswadi ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha katoni kilichobandikwa juu ya ruta: `Mlango@7#kuku`. Kwenye kioo palionekana vidoti tu. Nilimwomba aandike tena polepole nikiwa nimesimama nyuma yake, nikihesabu vidoti badala ya kuangalia vidole. Vilikuwa 13. Paswadi ina herufi na alama 13.

Hesabu hiyo ndiyo njia panda, na ningependa uikumbuke hata ukisahau mengine yote. Vidoti vikipungua au kuzidi, kibodi inameza herufi au inazirudia, na shida iko kwenye mawimbi, ambayo nitaifikia hapa chini. Vidoti vikitimia na paswadi ikakataliwa, basi kila kitufe kimefika ila kuna kilichofika kikiwa na jina lingine. Mawimbi hayana kosa hapo.

Kwanza nilikagua `Caps Lock`. Kibodi nyingi zisizo na waya hazina taa ya kuionyesha, kwa sababu taa inakula betri, kwa hiyo huwezi kujua kwa macho. Tukatoka kwenye paswadi, tukaingia kwenye kisanduku cha kutafuta ambako maandishi yanaonekana, akaandika `mlango`. Ikatoka kwa herufi ndogo. Sawa.

Kisha nikamwambia abonyeze alama mbili tu za ile paswadi. Alama peke yake, tafadhali. Usiandike paswadi nzima kwenye kisanduku cha kutafuta, maana runinga nyingi hutunza historia ya utafutaji na mgeni wa kesho ataiona imepangwa hapo vizuri. Mama akabonyeza `Shift` na kitufe chenye `@`, kile kilicho karibu na `Enter`. Kwenye kioo ikatokea `"`. Akabonyeza kitufe cha `#`. Ikatokea `\`.

```
Alichobonyeza mama:   Mlango@7#kuku
Runinga ilipokea:     Mlango"7\kuku
```

Nikaigeuza kibodi. Juu ya 3 palikuwa na alama ya pauni, `£`, na juu ya 2 palikuwa na `"`. Ilikuwa kibodi ya mtumba kutoka Uingereza, na mjini hapa ziko tele, zinaletwa pamoja na kompyuta zilizotumika maofisini huko. Si mbaya, na mara nyingi ni imara kuliko mpya za bei rahisi. Ila kibodi haitumi alama iliyochapwa juu ya kitufe. Inatuma namba ya mahali kitufe kilipo, na runinga ndiyo inayoamua mahali hapo panaitwaje. Runinga ya mama ilikuwa inasoma vitufe kwa mpangilio wa Marekani. Katika mpangilio huo `@` iko juu ya 2, na `#` iko juu ya 3.

"Mama, usiangalie kilichochapwa. `Shift` na 2 ndiyo `@`. `Shift` na 3 ndiyo `#`."

Akaandika, akabonyeza `Enter`, na Wi-Fi ikashika. Sikubadilisha mpangilio wowote. Nilikata vipande viwili vya selotepu ya karatasi, nikaandika `@` na `#`, nikabandika juu ya vitufe hivyo. Kijana wake alicheka lakini wiki iliyofuata selotepu bado ilikuwa pale.

Kama wewe una kisa cha kinyume, yaani kibodi ya Kimarekani na runinga inayosoma kwa mpangilio wa Uingereza, utagundua `Shift` na 3 inatoa `£`. Hapo `@` utaipata kwa `Shift` na kitufe cha alama ya nukuu kilicho kando ya `Enter`, na `#` kwa kawaida hutoka kwenye kitufe cha `\` kilicho juu ya `Enter`.

Mtumba wa Ujerumani hukupa dalili nyingine: `y` na `z` zimebadilishana viti. Wa Ufaransa ni kisirani zaidi, `a` na `q` zimebadilishana, na juu ya safu ya namba utakuta alama zimechapwa mahali pa chini, penye namba juu. Ukiona herufi hizo zinahama, umejua kibodi yako ilisoma shule gani.

Dawa ya kudumu ni kubadilisha mpangilio kwenye runinga. Samsung ina mipangilio ya lugha na aina ya kibodi ndani ya ile `Input Device Manager`. Kwenye Google TV na visanduku vya Android, angalia kama `Settings` ina sehemu ya `Keyboard` inayotaja kibodi ya kushika kwa mkono. Visanduku vingi vya bei ya chini havina. Mimi huwa sihangaiki nayo: alama za paswadi ya nyumbani ni mbili tatu, selotepu inatosha.

Kuna sababu mbili ndogo zaidi. Vibodi vidogo vya kushika kwa vidole gumba, vile vyenye kibao cha kugusa juu yake, huficha alama nyingi chini ya `Fn` na si `Shift`, na alama hizo huchapwa kwa rangi tofauti. Na paswadi ya Wi-Fi ya kawaida ya nyumbani ina herufi 8 hadi 63, kwa hiyo kama runinga haikuruhusu hata kubonyeza kitufe cha kuunganisha, huenda umeandika 7.

Kuhusu akaunti za malipo au barua pepe, ukikataliwa mara tatu, acha. Huduma nyingi hufunga akaunti kwa muda mtu akikosea mfululizo, na hapo utakuwa umeongeza shida ya pili juu ya ya kwanza. Nenda kajaribu alama zako kwenye kisanduku kinachoonyesha maandishi, kisha urudi.

## "Inaruka herufi, au inaandika kukuuuu"

Hii ndiyo shida ya mawimbi. Kipokezi, Bluetooth na Wi-Fi ya zamani vyote vinazungumza kwenye masafa ya 2.4 GHz. Katika ploti yenye nyumba thelathini za kupanga, kila moja na ruta yake, hewa hiyo ni kama stendi ya matatu saa kumi na mbili jioni. Kibodi ikituma kwamba umeachia kitufe na ujumbe huo ukapotea, runinga inadhani bado unakishikilia, ndiyo maana `u` moja inazaa nne.

Lakini kabla ya kulaumu majirani, angalia kipokezi kiko wapi. Karibu kila mara kimechomekwa nyuma ya runinga, na runinga imebandikwa ukutani. Kati ya kipokezi na kochi kuna kioo, bamba la chuma na saketi zote. Dawa ni waya wa kurefusha USB, wa nusu mita au mita moja. Chomeka waya kwenye runinga, uuvute mpaka mbele, kipokezi kikae chini ya ukingo wa kioo kikikutazama. Dawa hii peke yake imemaliza visa vingi sana nilivyoitiwa.

Waya huo unasaidia kwa sababu ya pili pia. Kama tundu lako ni USB 3.0, lile ambalo mara nyingi lina plastiki ya buluu ndani, na kando yake kuna diski ya nje inayofanya kazi, tundu hilo lenyewe hutoa kelele inayoangukia masafa yale yale ya 2.4 GHz. Hilo si uvumi wa mafundi. Intel walilichapisha mwaka 2012. Hamisha kipokezi kwenye tundu jeusi, au kisogeze mbali kwa waya.

Ikibaki, hamishia runinga kwenye Wi-Fi ya 5 GHz kama ruta yako inayo, ili kibodi ibaki na 2.4 peke yake. Kama una spika ya Bluetooth na kibodi ya Bluetooth kwa wakati mmoja, zima spika ujaribu kuandika. Runinga zenye nguvu ndogo huweza kushindwa kuhudumia zote mbili vizuri.

Mausi inayorukaruka ni habari nyingine kabisa, na mara nyingi si mawimbi. Nyumba nyingi kochi lina kitambaa kilichosokotwa kwa krosheti, na mausi inayosoma kwa taa haiwezi kuufuata uso wenye matundu. Meza ya kioo ni mbaya zaidi, taa inapita moja kwa moja. Weka mausi juu ya daftari. Kishale kikitulia, umeshamaliza.

## "Inafanya kazi kwenye menyu, ndani ya programu haifanyi"

Hapa hakuna kilichoharibika. Baadhi ya programu za runinga huchora kibodi yake yenyewe kwenye kioo na kusikiliza mishale tu. Katika programu hizo, tumia mishale ya kibodi yako na `Enter` kama rimoti, ambayo bado ni haraka kidogo. Kwenye runinga na visanduku vya Android, `Esc` kwa kawaida hukurudisha nyuma, na kitufe cha kulia cha mausi hufanya vivyo hivyo. Kwenye runinga nyingi za Samsung usitegemee kishale cha mausi nje ya kivinjari cha mtandao.

Kama shida yako ilikuwa kuingia kwenye akaunti tu, unaweza kuikwepa kibodi kabisa. YouTube kwenye runinga ikikupa msimbo, fungua `youtube.com/activate` kwenye simu, andika msimbo huo, na paswadi haitaandikwa kwenye runinga hata kidogo. Na mwenye Google TV anaweza kuweka programu ya Google TV kwenye simu, ambayo ina rimoti na kibodi ndani yake, simu na runinga zikiwa kwenye Wi-Fi moja. Najua nauza vibodi, lakini kwa mtu anayeandika paswadi mara mbili kwa mwaka, huwa namwambia ukweli huo.

## "Ilikuwa inafanya kazi, stima ilipotea, sasa imekataa"

Chomoa runinga ukutani, si kwa rimoti, subiri dakika moja, rudisha. Tundu za USB za runinga nyingi huzimika runinga inapolala, na zikirudi kipokezi huhitaji sekunde kadhaa. Kikiwa bado kimya, kichomoe na kukichomeka tena runinga ikiwa imeshawaka kabisa.

Kwa Bluetooth, futa kibodi kwenye orodha ya runinga, `Forget` au `Unpair`, kisha uifute pia kwenye kibodi kwa kushikilia kile kitufe cha nafasi mpaka taa iwake harakaharaka. Kufuta upande mmoja tu hakutoshi, kwa sababu kila upande unatunza siri yake ya muungano, na zikipishana hazitaelewana.

## Wapi usimame

Betri ya kibodi kidogo cha kuchaji inafanana na ile ya simu ya mulika mwizi. Ikivimba hadi mfuniko ukashindwa kufunga, usiichaji, usiitoboe, usiibane irudi. Izime, iweke mahali pasipo na kitu cha kushika moto, na umpelekee fundi anayepokea betri mbovu.

Tundu la USB likiwa la moto kwa kidole, likinuka plastiki iliyoungua, au runinga ikiandika kwamba USB imezidiwa hata bila kitu kuchomekwa, chomoa runinga ukutani na usijaribu kifaa kingine. Tundu lililopata hitilafu linaweza kuua flashi yako pia.

Kipokezi kikivunjikia ndani, usikichokonoe kwa kisu wala pini runinga ikiwa na umeme. Na usifungue mgongo wa runinga hata ukiwa umeichomoa. Vihifadhi chaji vilivyo kwenye saketi ya umeme hubaki na chaji ya kumtupa mtu, na sitaki uje kunionyesha kidole. Kama ina waranti, angalia kwanza kama stika ya muhuri kwenye skrubu za nyuma bado ni nzima, kisha uirudishe na risiti kabla fundi yeyote, hata mimi, hajaigusa.